Picha imefika kijivu, modeli inasema imeona ubwiri: ilipaswa kusema nini?

*"Mtaalamu, habari za kazi. Tuna huduma ndogo hapa Hombolo: mkulima wa zabibu anapiga picha ya jani, anaituma na maelezo mafupi, modeli ya akili unde inamjibu. Juzi mkulima mmoja wa Mpunguzi aliandika 'majani yana unga mweupe, nipige dawa gani'. Picha yake ilifika ina ukanda wa anga juu, kwingine kote kijivu. Modeli ikajibu: 'Kwenye picha naona unga mweupe juu ya jani. Huu ni ubwiri unga, piga salfa.' Picha ikifika mbovu namna hii modeli inatakiwa iseme nini, na nitaifanyaje iseme hivyo?"*

Nzuri, ndugu yangu. Nianze na jibu lenyewe, kisha nieleze kwa nini liwe hivyo. Mkulima yule alistahili kuandikiwa hivi au karibu na hivi:

"Picha iliyonifikia imekatika. Juu naona ukanda wa anga, chini yake ni kijivu kitupu. Jani silioni, kwa hiyo siwezi kusema chochote kuhusu ugonjwa kwa kutumia picha hii. Naomba uitume tena, na ukiweza tuma mbili: moja ya upande wa juu wa jani, nyingine ya upande wa chini. Unga mweupe ulioueleza unaweza kuwa ubwiri unga au ubwiri vinyoya, na dawa zake ni tofauti. Usipige dawa mpaka tuone jani."

Ukilisoma taratibu utaona halikuishia kwenye "sioni picha". Limetaja kilichofika kama kilivyo, yaani anga na kijivu, ili mkulima akifungua simu yake na kuiona picha ikiwa nzima ajue kwamba tatizo limetokea njiani na si kwamba modeli haielewi zabibu. Limesema "iliyonifikia", halikusema "uliyotuma", kwa sababu modeli haijui alichotuma, inajua kilichoifikia tu. Na limetenganisha kabisa kilichotoka kwenye picha na kilichotoka kwenye maneno ya mkulima. Hapo kwenye kutenganisha ndipo modeli yako ilipoteleza.

Picha inapoingia kwenye modeli hukatwa kwanza vipande vidogo vya mraba, mara nyingi vya pikseli 14 au 16 kila upande. Kila kipande hugeuzwa kuwa mfululizo wa namba, na namba hizo hupangwa pamoja na maneno ya swali. Kipande cha kijivu nacho kinageuka kuwa namba kama kipande cha jani. Hakuna taa nyekundu inayowaka kusema "hapa hakuna kitu". Modeli inaendelea na kazi iliyofundishwa, ya kutoa sentensi inayoelekea zaidi kufuata, na kwenye swali lako sentensi hiyo ilikuwa imeshaandikwa nusu na mkulima mwenyewe. Kilichoitwa "naona unga mweupe" ni maneno yake yaliyorudishwa kwake yakiwa yamevikwa neno "naona".

Tabia hii si ngeni. Kuna hazina ya maswali ya picha inayoitwa VQA, iliyotumika sana kupima modeli za aina hii. Mwaka 2017 watafiti walionesha kwamba kwenye hazina hiyo, maswali yaliyoanza kwa kuuliza "je, unaona…" ungeyajibu "ndiyo" bila kutazama picha hata moja na ukapata asilimia 87. Wanaouliza kama kitu kipo kwenye picha kwa kawaida wanauliza kwa sababu kipo, na modeli inajifunza hilo haraka kuliko inavyojifunza kutazama. Ndiyo maana nawashangaa wanaosema modeli "inadanganya". Inafanya ilichozawadiwa.

Kwenye zabibu tatizo linakuwa baya zaidi kwa sababu jibu la kubahatisha linaweza kuwa sahihi. Ubwiri unga huweka unga mweupe wa kijivukijivu juu ya jani, kwenye machipukizi na kwenye punje, na salfa ndiyo dawa yake ya siku nyingi. Ubwiri vinyoya huanza na madoa ya njano yenye mng'ao kama wa mafuta upande wa juu, halafu chini ya jani, pale pale penye doa, vinajitokeza vinyoya vyeupe. Huu unapenda unyevunyevu, hivyo unakuja na mvua, na dawa zake za kawaida ni zile zenye shaba. Salfa haiutibu. Mkulima anayegeuza jani akaona weupe ataandika "unga mweupe" kwa hali zote mbili, wala hajakosea. Tofauti iko kwenye picha, na picha haikuwepo. Ikitokea mara kadhaa ukabahatika, wewe na wakulima wako mtaanza kuamini modeli inaona, na siku ya doa la mafuta hakuna atakayeshtuka.

Kabla hujagusa chochote, jipimie mwenyewe. Chukua maneno yale yale ya mkulima, "majani yana unga mweupe, nipige dawa gani", uyatume mara tatu: na picha halisi ya jani lenye ubwiri, na mraba mtupu wa kijivu, na picha ya sufuria. Majibu yakifanana, modeli yako inasoma maneno tu. Halafu rudia na ule mraba wa kijivu ukiuliza swali lisilo na dokezo: "Eleza kinachoonekana kwenye picha hii." Mara nyingi modeli ile ile iliyoona ubwiri itasema bila wasiwasi kwamba picha ni ya rangi moja ya kijivu. Ikisema hivyo, uwezo wa kugundua inao, ila dokezo la swali linauzidi nguvu. Hiyo ni habari njema kwako, kwa sababu dawa yake ni maelekezo na huhitaji kubadilisha modeli.

Angalia pia majina ya faili. Nimeshaona programu inayompa kila mkulima orodha ya matatizo ya kuchagua kisha inaipa picha jina kama `jani_ubwiri.jpg`. Jina hilo likipita hadi kwenye modeli, picha isipofika kabisa bado jibu limeshavuja.

Sasa tuje kwenye ule ukanda wa anga, maana unaniambia kitu kuhusu seva yako. Faili ya JPEG huanza na baiti `FF D8` na kuishia na `FF D9`. Mtandao ukikatika katikati ya kutuma, mwanzo unafika na mwisho haufiki. Picha za kawaida za JPEG hupangwa kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo unapata kipande cha juu, na kilichobaki programu inayofungua inakijaza kijivu au nyeusi. Lakini ukitumia Pillow kwenye Python, faili ya namna hiyo haipaswi kupita kimya kimya: `load()` inatoa kosa linaloanza na `image file is truncated`. Kama kwako ilipita hadi kwa modeli, nadhani kuna mtu alichoka na kosa hilo akaandika mahali fulani `ImageFile.LOAD_TRUNCATED_IMAGES = True`. Mstari huo unazunguka sana kwa vijana wa programu kwa sababu unanyamazisha kosa papo hapo. Unachofanya ni kukubali picha nusu kana kwamba ni nzima. Utafute uufute. Na usitegemee `verify()` badala ya `load()`, kwa sababu haifungui pikseli zenyewe, na JPEG iliyokatika inaweza kuipita.

Ukaguzi mfupi kama huu unatosha kuanzia:

```python
from PIL import Image, ImageStat

def kagua(njia):
    try:
        picha = Image.open(njia)
        picha.load()
    except (OSError, SyntaxError):
        return "haifunguki"
    kijivu = picha.convert("L")
    if ImageStat.Stat(kijivu).stddev[0] < 3:
        return "tupu"
    return "sawa"
```

Sehemu ya kwanza inakamata faili zilizokatika, faili zenye baiti sifuri, na zile ambazo si picha ingawa zimeitwa `.jpg`. Hizi za mwisho ni nyingi kuliko unavyodhani: seva inashindwa kutoa picha, inatoa ukurasa wa kosa, na programu inauhifadhi ukurasa huo kwa jina la picha. Sehemu ya pili inapima pikseli zinatofautiana kiasi gani kutoka ule wastani wake. Picha iliyopigwa kidole kikiwa kimeziba lenzi, au ukuta mweupe, inakuwa karibu na sifuri. Jani juani linakuwa mbali sana na 3. Ila fahamu kwamba sehemu hii ya pili peke yake isingeikamata picha ya yule mkulima, kwa sababu anga na kijivu vinatofautiana vya kutosha. Aliyepaswa kuikamata ni `load()`.

Mkulima mwenye iPhone anaweza kukuletea faili ya HEIC, ambayo Pillow ya kawaida haifungui bila nyongeza. Kwake "haifunguki" haimaanishi picha mbovu. Jibu la kumpa ni "aina hii ya faili siwezi kuifungua, ibadilishe iwe JPEG". Ukimwambia "itume tena" ataituma mara kumi na atapata jibu lile lile.

Ukaguzi ukisema "haifunguki" au "tupu", una njia mbili. Unaweza kumjibu mkulima moja kwa moja bila kuiita modeli kabisa, na kwa picha peke yake mimi napendelea hivyo. Ni rahisi na hakuna wa kubuni. Lakini mkulima wako aliandika na swali, na swali lina kitu cha kujibiwa. Hapo iite modeli bila kuipa picha mbovu, na uiambie kwa maandishi kilichotokea: "Picha ya mtumiaji imeshindwa kufunguka. Hujaiona." Ukiacha mahali pa picha patupu bila maelezo, modeli itadhani ipo.

Programu yako ndiyo inayoweza kujua chanzo, kwa kulinganisha baiti zilizotarajiwa na zilizofika. Modeli haiwezi. Kwa hiyo modeli isimwambie mkulima "mtandao wako ni mbovu" au "bando limeisha" kama programu haijathibitisha. Ataenda kununua bando jingine huku hitilafu iko kwenye seva yenu. Zipo hata picha ambazo kwa mwenyewe ni nzuri kabisa na kwenu zinafika nyeusi tii. Mchoro wa wino mweusi uliohifadhiwa kwenye PNG usio na rangi ya nyuma ni mfano mmojawapo: ukigeuzwa JPEG bila uangalifu, sehemu zile za uwazi hugeuka nyeusi na wino unapotelea humo. Mwenye mchoro akiambiwa "umetuma picha nyeusi" atakasirika, na ana haki.

Zitakazobaki ni zile zinazopita ukaguzi lakini bado hazitoshi, na hizo modeli yenyewe ndiyo ya kuzishughulikia. Kwenye maelekezo yake ya kudumu andika kitu kama hiki:

```
Kabla ya kujibu, taja kwa sentensi moja kinachoonekana
kwenye picha, bila kutumia maneno ya mtumiaji.
Kama kinachoulizwa hakionekani, sema hivyo, taja
kinachoonekana, na omba picha moja mahususi.
Kinachotokana na maelezo ya mtumiaji kiite "ulichoeleza",
usikiite "ninachokiona".
```

Sentensi ya kwanza ndiyo inayofanya kazi kubwa. Modeli ikilazimika kuandika "naona anga na kijivu" kabla ya kufika kwenye ugonjwa, inakuwa vigumu kwake kuendelea na "jani lenye unga", kwa sababu sasa maneno yake yenyewe yanalipinga dokezo la mkulima. Bila hiyo, neno la kwanza la jibu likishakuwa "ubwiri", yanayofuata yote yatatafuta kulitetea.

Mfano mgumu zaidi utakaokutana nao ni lebo ya dawa. Mkulima anapiga chupa nzima, anauliza "niweke kiasi gani kwenye bomba la lita 20". Kwenye simu yake akivuta picha maandishi yanasomeka. Lakini WhatsApp hubana picha, na modeli nyingi hupunguza tena picha kubwa kabla ya kuitazama, ili upande mrefu ubaki pikseli 1,500 hadi 2,000 hivi. Picha ya pikseli 4,000 kwa upande ikishushwa hadi 1,500, herufi iliyokuwa na urefu wa pikseli 24 inabaki na 9, pungufu ya mraba mmoja wa modeli. Jina la dawa kwa herufi kubwa litasomeka, kipimo hakitasomeka. Na hapo modeli ina kishawishi kibaya: jina la dawa inalijua, kiwango chake cha kawaida imekisoma mahali fulani, inakitoa kana kwamba imekisoma kwenye chupa. Chupa ile inaweza kuwa na mkusanyiko tofauti wa kiambato. Kati ya mililita 20 na 200 kuna tofauti ya kuunguza shamba.

Kinachotakiwa pale ni: "Jina la dawa nalisoma. Sehemu ya kipimo maandishi ni madogo mno kwangu, naona kuna namba lakini siwezi kuitaja kwa uhakika. Piga picha ya sehemu hiyo peke yake, karibu, bila mwanga wa jua kurudi kwenye lebo." Ombi ni la picha moja inayoeleweka. "Tuma picha yenye ubora zaidi" haimsaidii mtu, atatuma ile ile.

Mkulima atasukuma. Ataandika "iangalie vizuri bwana, mbona mimi naiona". Modeli nyingi hapa zinalegea, zinaomba radhi, halafu zinataja namba. Kuiangalia tena picha ile ile hakuongezi pikseli hata moja, na jibu la pili linapaswa kubaki sawa na la kwanza: "Nakuelewa, kwako inaonekana. Iliyonifikia ni ndogo kuliko hiyo. Ukiweza nisomee namba iliyoandikwa mbele ya neno 'kiwango', nitakusaidia hesabu ya bomba." Hapo namba imetoka kwa mkulima na modeli inafanya hesabu tu, kila kitu kikiwa wazi kimetoka wapi.

Mtego mwingine unaofanana na huu ni mazungumzo yenye picha zaidi ya moja. Ya kwanza ilifika, ya pili imekwama, mkulima anauliza "na hili je?" Modeli inaeleza ile ya kwanza upya kama ndiyo ya pili. Jibu sahihi ni kusema kwamba ya pili haijafika na kwamba inayoonekana bado ni ile ya mwanzo.

Usije ukaipeleka modeli upande wa pili mpaka ikawa inakataa kila kitu. Jani lililopigwa jioni, likiwa na giza kidogo na mkono uliotikisika, bado linaweza kuonesha madoa ya njano, na modeli iseme hivyo: "Picha ina ukungu, lakini madoa ya njano upande wa juu yanaonekana, kama kuna vinyoya chini siwezi kujua." VizWiz, hazina ya picha na maswali halisi ya watu wasioona iliyotolewa mwaka 2018, ina jambo la kuigwa hapa: "haijibiki" imewekwa humo kama jibu halali lenye alama yake, pamoja na maswali mengi yanayojibika kutoka kwenye picha zenye ukungu au zilizokaa upande. Modeli inapimwa kwa kujua ipi ni ipi.

Nawe jipimie vivyo hivyo. Tengeneza picha mbovu kwa makusudi. Amri ya kwanza inakata faili, ya pili, ya ImageMagick, inatengeneza ya kijivu:

```
head -c 40000 jani.jpg > jani_kata.jpg
convert -size 1200x900 xc:gray tupu.jpg
```

Hakikisha `jani.jpg` ina zaidi ya baiti 40,000, la sivyo hukati kitu. Changanya hizo na picha nzuri za shambani, zikiwemo za jioni, uzitume zote na maswali yenye dokezo kama la mkulima wako. Hesabu vitu viwili tofauti: picha mbovu ngapi zimeelezwa kana kwamba zimeonekana, na picha nzuri ngapi zimekataliwa. Za kwanza zikibaki, rekebisha maelekezo na uhakikishe ule mstari wa `LOAD_TRUNCATED_IMAGES` umeondoka kweli. Za pili zikiongezeka, angalia kwanza zimekataliwa na nani: kama ni `kagua` ndiyo iliyoziita "tupu", shusha ile 3 iwe 2 kabla hujagusa maelekezo ya modeli.